Mnunuzi akishalipa theluthi mbili, pikipiki haichukuliwi bila kesi

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niwalalamikie wanaotuuzia pikipiki kwa malipo ya polepole hapa Likoni. Kijana wa steji yetu alichukua moja kwa bei ya jumla ya shilingi 240,000: amana 24,000, na zilizobaki alipe 400 kila siku. Alikuwa ameshafikisha 180,000 alipougua, akakosa malipo ya siku kumi na moja. Usiku mmoja injini ilizimwa kutoka mbali kwa kile kifaa kinachofichwa chini ya kiti. Akiwa bado anaisukuma, pikapu ikafika, pikipiki ikapakiwa. Kesho yake akaambiwa alipe malimbikizo, ada ya kuibeba na ada ya yadi, la sivyo inauzwa.

Sasa tusome sheria, Sura ya 507 ya sheria za Kenya, kifungu cha 15. Mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei yote, mwenye mali hawezi kumnyang'anya ila kwa kumshtaki mahakamani. Theluthi mbili ya 240,000 ni 160,000, na amana imo kwenye hesabu. Kijana wetu aliivuka zamani. Anayekiuka kifungu hicho, mkataba wake umevunjika, mnunuzi hadaiwi tena, na anastahili kurudishiwa pesa zote alizolipa. Zote, Mhariri, si nusu.

Sitetei wasiolipa. Asiyefika theluthi mbili anaweza kunyang'anywa kama mkataba unavyosema, na hata aliyevuka anaweza kushindwa kesi. Lakini huko kuna hakimu, anayeweza pia kumpa muda wa kumalizia deni. Kwenye yadi kuna mlinzi na karatasi tu.

Na karatasi hiyo ndiyo mtego. Huandikwa kwamba mteja amerudisha pikipiki kwa hiari yake, naye hutia sahihi akidhani ni ya kuorodhesha vitu vyake. Akienda kushtaki, ndiyo anayoonyeshwa.

Wauzaji wengine hujitetea kwamba wao hutoa mkopo wa kawaida, pikipiki ikiwa dhamana tu, kwa hiyo Sura ya 507 haiwahusu. Mkataba wa kijana wetu unasema anakodi mpaka awamu ya mwisho, kisha chombo kiwe chake. Kama huo si ununuzi wa kukodi, ni nini? Tena mikataba ya aina hii husajiliwa kwa Msajili ndani ya siku 30. Usiosajiliwa, mwenye mali hawezi kuutumia kudai chombo. Je, Msajili ameiona mingapi kati ya hii ya bodaboda?

Namwomba Msajili ajibu katika ukurasa huu huu. Nanyi wenzangu, hifadhini kila ujumbe wa malipo, ombeni nakala ya mkataba, na msitie sahihi yoyote yadini kabla ya kujumlisha mlicholipa.

Mwanasteji,
Likoni, Mombasa