Idadi Haifeli Mtihani

Wenzangu mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, kuna sentensi moja naomba tuionee huruma: "Idadi kubwa ya wanafunzi wamefeli mtihani." Shule niliyofundisha mwaka jana, mtoto wa kidato cha pili alikatwa alama kwa sentensi hiyo. Eti "idadi" iko ngeli ya I-ZI, kwa hiyo lazima iwe "imefeli". Mimi sikubali.

Msahihishaji ana hoja, tusimwonee. Kwa kawaida kitenzi hufuata nomino kuu: kamati imekutana, kundi la vijana limefika, umati wa watu ulitawanyika. Hata "idadi ya wanafunzi imepungua" ni sawa kabisa, maana kilichopungua ni hiyo idadi yenyewe. Lakini nani amefeli? Idadi haiingii chumba cha mtihani.

Jaribu kuweka "-ingi". "Idadi kubwa ya wanafunzi wamefeli" inageuka "wanafunzi wengi wamefeli", na maana haijapotea. Hapo "idadi kubwa ya" inafanya kazi ileile ya "baadhi ya", na sijawahi kuona mwalimu akidai "baadhi ya wanafunzi imefeli". Ukijaribu hivyo kwenye "idadi ya wanafunzi imepungua" utapata "wanafunzi wengi wamepungua", ambayo ni habari nyingine, pengine ya njaa bwenini.

Kiingereza kina kineno kidogo mbele ya neno la idadi. Kikimaanisha "idadi fulani", kitenzi huwa cha wingi. Kikimaanisha "ile idadi", kitenzi huwa cha umoja. Sisi hatuna kineno hicho, mzigo wote unabebwa na kiambishi cha kitenzi. Ona: "Idadi kubwa ya wanafunzi inatisha" na "Idadi kubwa ya wanafunzi wanatisha." Ya kwanza ni malalamiko ya mwalimu mwenye darasa lililofurika. Ya pili, jamani, hao wanafunzi wenyewe ndio wa kuogopwa! Ukilazimisha "i-" kila mahali, umemnyang'anya mtoto njia ya kutofautisha mambo hayo mawili.

Simaanishi kila kitu kiachwe huru. "Timu wameshinda" naisikia kila Jumamosi kibanda umiza, ila kwenye insha bado nitaandika "imeshinda", kwa sababu timu inaweza kushinda, na huwezi kuiondoa ukaweka "wengi". Vilevile "kila mmoja wetu tuna kitabu" nitaisahihisha: "mmoja" ndiye mwenye kitabu, basi "ana". "Hakuna hata mmoja kati yao aliyefika" nayo ni hivyohivyo, umoja, hata kama waliotegemewa walikuwa 40.

Yule mtoto alitofautisha vizuri tu. Alama yake arudishiwe.