Kila mtu na riziki yake, ila dalali ni mmoja

Mtu akitaka kufungua biashara ambayo mtaa mzima unaifanya, na rafiki akamuuliza kama pana nafasi, jibu huja haraka: kila mtu na riziki yake. Sina ugomvi na imani ya kwamba riziki hutoka kwa Mungu. Ugomvi wangu ni na kuligeuza neno hilo kuwa hesabu ya soko. Tumelitumia kukwepa kuuliza wateja ni wangapi, wanauziwa na nani, na kwa nini wamwache wanayemzoea. Watu wamemaliza viinua mgongo na mikopo ya vikoba kwa sababu ya jibu hilo, na sisi tuliowapa jibu tukabaki kusema biashara ni bahati.

Nachukua mfano wa kuku wa nyama, kwa kuwa ndio mradi ninaouona ukinakiliwa kuliko mwingine wowote pembezoni mwa Dar es Salaam. Ukipita Kivule, Chanika au Kitunda utayakuta mabanda nyuma ya nyumba, na karibu yote yanaendeshwa kwa namna moja. Mfugaji anachukua vifaranga 400 kwa mkupuo, anawalisha wiki tano, kisha anampigia dalali simu. Jirani naye alichukua vifaranga wiki ileile, kwa wakala yuleyule, akilenga sikukuu ileile. Dalali anapokea simu kumi kwa siku moja.

Tufanye hesabu kwa bei za kukadiria, maana bei hupanda na kushuka. Tuseme kifaranga ni shilingi 1,800. Hadi kufikia kuuzwa anakula kama kilo tatu za chakula, na kwa shilingi 1,500 kila kilo hiyo ni 4,500. Chanjo, maranda, mkaa wa kuwapa joto na umeme tuziweke 700. Kuku mmoja amekugharimu 7,000, na 400 ni milioni 2.8. Wakifa 20, jambo la kawaida kabisa, unabaki na 380. Dalali akitoa 7,500 kwa kila kuku unapata milioni 2.85. Faida ni shilingi 50,000 kwa wiki tano za kuamka usiku.

Sasa dalali akasema, nitakuja kesho. Kuku wa umri huo anakula takriban gramu 150 kwa siku, kwa hiyo kuku 380 wanamaliza kilo 57, nazo ni shilingi 85,500. Siku moja ya kungoja imekula faida yote na kugusa mtaji. Kuku wameongezeka uzito, ni kweli, lakini dalali ananunua kwa kichwa, hanunui kwa kilo. Anajua huwezi kungoja, na anajua jirani yako pia hawezi. Hapo ndipo bei inapopangwa, na bidii ya mfugaji haina sauti.

Kwa hiyo kipimo changu cha kujua kama wazo ni nakala ni hiki. Andika wazo lako kwa sentensi moja, ukitaja nani ananunua, lini, na kwa sura gani. Kisha futa jina lako na uweke la jirani. "Fulani anamuuzia dalali kuku hai wa wiki tano, wote kwa pamoja." Ikiwa sentensi inabaki kweli kwa kila banda la mtaa, huna wazo, una banda la kumi na moja. Kusema utakuwa mwaminifu zaidi au mkarimu zaidi hakubadilishi sentensi. Kusema utauza kwa bei ya chini kunaibadilisha kwa siku chache tu, mpaka jirani naye ashushe.

Najua nitaambiwa: mbona Kariakoo maduka ya nguo yamebanana mlango kwa mlango na watu wanaishi? Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo inayowapoteza wengi. Mnunuzi anatoka Lubumbashi au Lusaka na kwenda Kariakoo kwa sababu maduka ni mengi. Yangekuwa mawili asingefunga safari. Pale wingi wenyewe ndio unaomleta mteja, na mwenye duka jipya anaongeza mvuto wa soko zima. Banda lako la Kivule halimleti mtu yeyote kutoka Lusaka. Linagawana dalali yuleyule na wenzake. Kabla hujajilinganisha na Kariakoo, jiulize kama ujio wako unaongeza wateja au unaongeza wauzaji.

Lipo na kosa baya zaidi, la kudhani soko lipo kwa kuwaona wanunuzi, kumbe wanunuzi hao ni waigaji wenzako. Mwaka 2013 na 2014 Kenya ilikumbwa na homa ya kware, na huku kwetu ikavuma pia. Mayai yake yalisifiwa kutibu karibu kila maradhi, bei ikapaa, na watu wakapanga foleni za vibali vya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Waliouza mayai mwanzoni walipata fedha nzuri. Lakini sehemu kubwa ya mayai hayo haikuwa inakwenda mezani. Ilikuwa inakwenda kutotolewa na wafugaji wapya. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, na ndege huyo huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba, hivyo kila mnunuzi alikuwa muuzaji ndani ya miezi mitatu. Wapya walipokwisha, mayai yakakosa wa kuyanunua na bei ikaporomoka. Ukiwa na wazo lolote, mfuate mnunuzi hadi uone bidhaa inaishia wapi. Ikiwa inaishia kwa mtu anayetaka kuwa kama wewe, kaa mbali.

Kufuata bidhaa hadi mwisho wake ndiyo njia ninayoiamini pia ya kupata upekee. Watu wengi wanautafuta upekee kwa kubadili kitu chenyewe: leo kuku, kesho sungura, keshokutwa bata mzinga. Nadhani ni upotevu. Mara nyingi kitu ni kilekile, ila kuna anayekitumia kwa taabu, na hakuna aliyemuuliza.

Mfuate kuku wa Kivule baada ya dalali. Anafika sokoni, kisha asubuhi anachukuliwa na muuza chipsi. Simama kwenye kibanda chake utazame anavyofanya kazi. Anakata robo na nusu, na robo zote anaziuza bei moja. Kuku mmoja akiwa wa kilo moja na mwingine kilo moja na nusu, mteja wa kwanza atanung'unika na wa pili atamla faida. Anamlipa wa kuchinja na kunyonyoa, na siku kuku wakiwa wachache sokoni anarudi na viazi peke yake. Mtu huyu hahitaji kuku 400 kwa siku moja. Anahitaji saba, kila siku, waliochinjwa kihalali na kunyonyolewa, walio sawa kwa uzito, mlangoni kabla ya saa nne.

Ili kumpa hivyo, mwenye banda lilelile anabadili mpangilio. Analigawa vyumba saba na kuingiza vifaranga 50 kila wiki badala ya 400 mara moja. Anaanza kuuza siku ya 30 na kumaliza siku ya 36, na kila alfajiri anawapima na kuwatoa wazito kwanza. Wadogo wanaobaki wanaongeza kiasi cha gramu 70 kwa siku, hivyo wa siku ya mwisho anakuwa na uzito ule waliokuwa nao wa siku ya kwanza. Kuku wa kundi moja huwa hawakui sawa, jambo ambalo kwa dalali ni hasara. Hapa ndilo linalomwezesha kutoa uzito mmoja wiki nzima.

Tuseme kuku huyo aliye tayari anauzwa 8,500. Wakipona 48, wiki inaingiza 408,000. Ondoa 350,000 za kuwalea na 24,000 za kuchinja, barafu na bodaboda, zinabaki 34,000. Kwa wiki saba ni 238,000. Yule wa kuku 400, akihesabu muda wa kusafisha banda, anafanya mzunguko mmoja katika kipindi hichohicho, na alibaki na 50,000.

Sisemi ni rahisi, na ugumu wake ndio unaoulinda. Kuweka kuku wa umri tofauti katika kiwanja kimoja ni kualika magonjwa, hasa gumboro, ambayo virusi vyake hukaa kwenye maranda na vumbi muda mrefu baada ya kuku kutoka. Mfugaji lazima ahudumie wadogo kwanza na wakubwa mwisho, asirudi nyuma, awe na viatu tofauti, na kila chumba kikae kitupu siku kumi baada ya kusafishwa. Chanjo ya kideri na ya gumboro huja katika kichupa cha dozi nyingi kuliko kuku 50, na ikishachanganywa hailali. Kasha la vifaranga nalo ni la 100. Hapo jirani anakuwa wa manufaa: mkigawana kasha, vifaranga wenu wana umri mmoja, na kila siku ya chanjo, yaani ya saba, ya 14 na ya 21, kichupa kipya kimoja kinawatosha wote.

Kuna na deni. Muuza chipsi akitaka kulipa mwisho wa mwezi, hesabu yote hapo juu imekufa, kwa sababu chakula cha wiki ijayo kinanunuliwa kwa fedha ya wiki hii. Mkubaliane tangu mwanzo: kuku wa leo analipiwa kabla ya kuletwa wa kesho.

Na usijenge ukuta hata mmoja kabla ya kujaribu. Kwa wiki mbili nunua kuku kwa majirani zako, hao hao waliokosa dalali. Wachague kwa mzani, wachinjishe, na umpelekee muuza chipsi saba kila asubuhi kwa bei unayokusudia. Angalia siku ya tatu kama anakupigia simu mwenyewe kabla hujatoka nyumbani, au anakuambia kesho usilete. Akikataa kuongeza hiyo 1,000 juu ya bei ya dalali, muulize angeongeza kwa ajili ya nini, kisha nenda kibanda cha pili na cha tatu ukaulize vilevile, kwa sababu vifaranga bado hujanunua.