Sahihi Isiyo na Ushahidi

Imekuwa desturi katika hospitali nyingi za kufundishia kwamba daktari kijana atakaye kusomea ubingwa huenda kwa daktari bingwa kuomba barua ya mapendekezo, na bingwa humjibu kwa maneno machache: "Kaandike mwenyewe, uniletee nitie sahihi." Jawabu hili huitwa msaada. Kwa hakika ni kukataa kutoa ushahidi, huku mkono ukijifanya umeutoa. Chuo kipokeacho barua hiyo hakikutaka kujua kijana hujisifu vipi. Kilitaka kujua mkubwa wake wa kazi aliona nini.

Yatazamwe matunda yake. Kijana huona haya kujieleza, wala hajui bingwa angesema nini; basi huazima barua ya mwenziwe wa mwaka uliopita akabadili jina. Ndipo wateuzi hukutana na mwombaji wa kike ambaye katika mstari wa tatu amegeuka mwanamume, kwa kuwa barua ni ya Kiingereza na kiwakilishi kimoja kilisahauliwa. Au mwombaji wa upasuaji asifiwaye kwa mapenzi yake ya tiba ya watoto. Makosa haya huchekesha, na ni mepesi kugundulika. Ubaya mkubwa zaidi umo katika barua isiyo na kosa: ni mchapakazi, ni mwaminifu, hupatana na wenzake. Sifa hizo zamfaa hata karani wa ghala. Msomaji aliyekwisha kusoma barua arobaini za namna hiyo hana njia ya kumpambanua hodari na dhaifu, na adhulumiwaye hapo kwanza ni hodari.

Lakini ushahidi upo, tena mwingi. Daktari wa Tanzania, akiisha kupata shahada yake, hutumikia mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi, akizunguka idara kubwa za hospitali, na upasuaji ni mojawapo. Uchukuliwe mfano wa mmoja aliye katika zamu ya usiku. Analetewa mzee mwenye ngiri ya kinena iliyonasa tangu asubuhi. Anatapika, tumbo limejaa, na ngozi juu ya uvimbe ni nyekundu, haigusiki kwa maumivu. Mwenye pupa angeusukuma uvimbe urudi ndani. Huyu hakusukuma, maana alitambua kuwa utumbo huenda umekwisha kukosa damu, na utumbo uliokufa ukirudishwa tumboni huendelea kuharibika humo pasipo kuonekana. Akamtundikia maji ya mshipani, akapitisha mpira wa puani kuyatoa yaliyomo tumboni, akaweka mpira wa mkojo apate kuupima, akaagiza damu, kisha akamwamsha bingwa.

Bingwa akiandika hayo kwa sentensi sita, wateuzi watakuwa wamemjua mtu: anajua dalili ya hatari, anajua kikomo chake, na haoni haya kuita msaada. Aongeze kuwa alimsimamia kwa miezi mitatu, na ataje upasuaji ambao kijana aliufanya akisimamiwa na ule alioutazama tu. Tena asiifiche kasoro. Kama maelezo ya kijana katika faili yalikuwa mafupi mno, akakanywa, akajirekebisha, jambo hilo liandikwe. Barua isiyo na ila hata moja huwafanya wateuzi kushuku na sifa zake za kweli.

Watetezi wa desturi husema kwamba bingwa hana nafasi: ana wodi, ana kliniki, ana chumba cha upasuaji. Ni kweli, lakini udhuru huo wahalalisha nusu tu ya jambo. Kijana na alete tarehe, daftari lake la upasuaji na visa viwili au vitatu vya kumkumbusha. Hukumu iandikwe na bingwa. Asipokumbuka, amwulize daktari mdogo wake na muuguzi mkuu wa wodi, na katika barua akiri kwamba aliwauliza. Ushahidi wa hao huzidi wa profesa mwenye jina kubwa aliyemwona kijana mara mbili ukumbini, ingawa vijana, maskini, humkimbilia profesa.

Wengine hutaka fomu. Madaktari wa tiba ya dharura wa Marekani wametumia fomu ya namna moja tangu miaka ya 1990. Mwandishi huulizwa amemjua mwombaji kwa njia gani, na kwamba yu katika daraja gani miongoni mwa wenziwe. Fomu hiyo imefaa, maana haimruhusu mtu kujificha nyuma ya maneno matamu. Hata hivyo waandishi wengi huko nao hupenda kuwapandisha watu wao madaraja ya juu, kana kwamba darasa zima laweza kuwa juu ya wastani wake lenyewe.

Na bingwa ambaye hakumjua kijana vya kutosha amwambie hivyo siku ile ile aombwapo, wakati muda wa kumwendea mwingine ungalipo.