Acheni kusingizia wino

Wasee wa saiba, leo nawasema, na mimi mwenyewe nimo. Karatasi ikitoka imechafuka tunamwambia kastoma, "Wino wa siku hizi ni feki." Mara nyingi wino hauna kesi.

Nilipoacha chuo nilikuwa nashinda kwa saiba moja hapa Kaloleni, Kisumu. Alhamisi moja jioni mama jirani alileta programu ya mazishi ya mumewe, nakala arobaini, mbele picha kubwa ya mzee na suti nyeusi. Nikitaka itoke poa, nikachagua `Photo Paper Glossy`, ubora nikaweka `High`. Kwa treya kulikuwa na karatasi ile ya kawaida, gramu 80.

Zilitoka zimelowa, zina mawimbi kama mabati. Suti ilipenya hadi upande wa pili, juu ya historia ya marehemu. Nilipozipanga, kila uso ukapiga muhuri kwenye mgongo wa karatasi iliyolala juu yake. Nikamwambia mama wino ni mbaya. Akalipa.

Iko hivi: printa hizi zetu za wino haziioni karatasi. Zinaamini ulichoziambia. Karatasi ya picha ina tabaka la kunywa wino, kwa hivyo ukiitaja, printa inamwaga mwingi. Karatasi ya fotokopi ni nyuzi tupu. Zikishiba, wino unaobaki unasambaa kando ama unakaa juu ukingoja kidole chako. Karatasi ikilowa pia huinuka na kugusa kichwa cha printa, ndio unaona michirizi pembeni.

Kwa hivyo kabla ya kuprinti, fungua `Printer Properties`. Penye `Paper Type` (printa zingine zinaandika `Media Type`) weka `Plain Paper`. Hiyo kwanza, maana ndiyo inapunguza maji zaidi. Kisha ubora urudi `Standard`. Toa nakala moja tu, ngoja dakika moja, pitisha kidole kwenye sehemu nyeusi kabisa, halafu geuza uone nyuma. Kama bado inachafua, usiendelee. Punguza weusi wa picha yenyewe, ama shusha `Density` kama printa yako inayo. Ya pande mbili, acha upande wa kwanza ukauke kabla ya kugeuza, hasa msimu wa mvua.

Ni kweli rangi itafifia kidogo. Kastoma akitaka picha inayong'aa, mwambie bei ya karatasi ya picha kwa jalada, na hapo ndipo `Photo Paper Glossy` ina maana. Lakini kumtoza kwa karatasi tuliyoiharibu sisi, hapana buda, huo ni wizi.

Yule mama nilimtafuta baadaye, nikamrudishia pesa zake na nakala tano safi. Mazishi yalikuwa yamepita wiki mbili.