Tangazo la getini: zuieni, ila tuelezeni

Lekcha ya mchana imeahirishwa, bumu halijatoka, basi nimekaa hapa hosteli nimwage ya moyoni. Leo ni kuhusu zile karatasi zinazobandikwa geti la hospitali kukiwa na mlipuko wa kipindupindu. Likizo iliyopita huko kwetu Kyela nilisoma moja, hospitali siitaji. Iliandikwa hivi tu: KUONA WAGONJWA MARUFUKU HADI ITAKAPOTANGAZWA TENA. Basi. Muhuri na saini.

Msimamo wangu nautoa mapema, msije mkanirushia mawe: kuzuia ni sawa kabisa. Kuzuia bila kueleza ndiyo shida, maana mama aliyetembea kutoka kijijini na hotipoti ya wali kichwani hatageuza kwa sababu ya muhuri. Atazunguka nyuma kwenye uzio. Na akipita nyuma, hakuna wa kumnawisha mikono.

Kwa wasiopajua, Kyela ni bonde tambarare mwisho wa Ziwa Nyasa. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe yote inamwaga huku, na masika ikikolea maji yanaingia vyooni na visimani bila hodi. Ukivuka Songwe pale Kasumulu uko Malawi, na watu wanavuka kila siku. Novemba 2017 kipindupindu kililipuka Karonga, jirani zetu kabisa. Mwaka 2022 hadi 2023 Malawi ilipata mlipuko mkubwa kuliko yote katika historia yake, watu zaidi ya 1,700 walikufa. Kwa hiyo ndugu zangu, hii habari kwetu siyo ya kwenye televisheni.

Sasa kwa nini wazuie? Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Tangu Korona ya 2020 kila mtu akisikia mlipuko anawaza barakoa na pumzi. Kipindupindu hakiruki hewani jamani. Kinapita mdomoni, kutoka kwenye choo na matapishi ya mgonjwa, kupitia mkono, ndoo, kanga, sahani. Tena wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa, lakini choo chao kinaendelea kutoa vijidudu kwa siku kadhaa. Yaani shangazi aliyekuja kutoa pole anaweza kuondoka mzima wa afya, akafua zile kanga mtoni, na wa kijiji cha chini wakachota.

Sababu ya pili hawaiandiki kabisa, na mimi naona ndiyo ingewashawishi watu. Chukua mgonjwa wa kilo 60 aliyekauka maji kiasi cha kulegea. Anahitaji mililita 100 za dripu kwa kila kilo, yaani lita 6 ndani ya saa tatu. Lita 1.8 zinaingia nusu saa ya kwanza, zilizobaki 4.2 kwenye saa mbili na nusu zinazofuata. Kwa chupa za nusu lita hizo ni chupa 12! Ile nusu saa ya mwanzo nesi anabadilisha chupa karibu kila dakika nane. Mgonjwa mmoja huyo. Sasa weka wagonjwa kumi, halafu kila kitanda kizungukwe na ndugu sita wanaoomba dua na kuuliza "dada nesi, hali yake vipi?" Atapita wapi?

Halafu kuna suala la ndoo. Kitanda cha kipindupindu kina tundu katikati, chini yake ndoo yenye alama za kupimia. Kinachotoka ndicho kinachomwambia nesi arudishe maji kiasi gani. Ndugu mwenye upendo anaona ndoo inatia aibu, anaibeba kwenda kuimwaga. Hapo amefanya mabaya mawili: kipimo kimepotea, na ule uchafu umetoka nje kabla haujamwagiwa klorini ya asilimia 2. Klorini ya kunawia mikono ni ya asilimia 0.05 tu, ya sakafu na vyombo asilimia 0.2. Ndoo za klorini zote zinafanana machoni, mgeni hawezi kujua ipi ni ipi.

Na wali wetu? Mchele wa Kyela unasifiwa nchi nzima, sibishi. Lakini wali uliopikwa ukapoa, ukakaa kwenye joto letu hadi kesho, ni mahali pazuri sana pa vijidudu hivi kuzaliana. Wali wa moto uliofunikwa hauna neno. Kiporo kilichochotwa na mkono uliotoka wodini, halafu hotipoti ikarudi nyumbani na mabaki watoto wakamalizia, hiyo ndiyo njia yenyewe.

Kwa hiyo kama ningepewa kalamu na mganga mkuu (najua sitapewa, nasoma mambo mengine kabisa), ningeandika hivi:

«Ndugu wapendwa, tuna wagonjwa wa kipindupindu. Ugonjwa huu unapita kwa mikono, maji na vyombo, haupiti hewani. Kila mgonjwa atakuwa na msaidizi mmoja tu, na asibadilishwe hovyo. Msaidizi hali chakula ndani ya wodi, hamwagi ndoo, na hanawi kwenye maji mengine ila yale ya getini. Chakula kileteni cha moto saa 6 mchana na saa 11 jioni, tutakihamishia kwenye vyombo vyetu, vyenu mtaondoka navyo hapohapo. Nguo za mgonjwa hazitoki kabla hatujaziloweka. Nesi atakuja getini saa hizo hizo kuwapa hali ya kila mgonjwa. Mgonjwa akipata nafuu mnaweza kuongea naye ng'ambo ya uzio, bila kugusana wala kupeana kitu. Aliyekwisha kumgusa mgonjwa ajiangalie siku 5. Akianza kuharisha maji, anywe ORS na aje mara moja, asisubiri kuche.»

Ni refu kuliko MARUFUKU, sawa. Lakini ona kila katazo lina sababu yake na lina njia badala yake. Lile la uzio nalipenda zaidi, maana ni faida ya ugonjwa kutoruka hewani, na watu wakimwona mgonjwa wao amekaa anakunywa uji, nusu ya kelele getini inaisha. Ingekuwa Marburg kama ile ya Kagera 2023, masharti yangekuwa mengine kabisa, ndiyo maana tangazo la kunakili kutoka mlipuko mwingine halifai.

Kuna jamaa yangu chumba cha jirani ameshanipinga. Anasema nesi hana muda wa kwenda getini mara mbili. Mimi nasema tayari anautumia muda huo, ila anautumia kugombana na watu kumi mmoja mmoja dirishani. Dakika 15 za kusoma orodha ni rahisi kuliko hapo. Kama nesi hawezi, mhudumu wa afya wa kijiji anaweza akiwa amepewa taarifa.

Kinachobaki kigumu ni kifo. Kwetu msiba ni watu, ni kuosha, ni kula pamoja siku kadhaa. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu unaandaliwa hospitali na waliofundishwa, unazikwa haraka, na chakula cha pamoja kinakatazwa. Hilo halifai kulisoma ukutani. Mtu aambiwe akiwa amekaa, na mzee wa ukoo awepo.

Na jambo la mwisho, mlinzi. Bibi zetu wengi hawasomi karatasi, wanamsoma mlinzi. Apewe maneno yaleyale kwa Kinyakyusa, na ndoo ya kunawia iwe upande wake wa geti, siyo ndani.