Shilingi 22,000 Zilizopotea Daftarini

Ndugu msomaji, si kila fedha inayokosekana katika kisanduku cha kikundi imeibwa. Nyingine hupotea katika kalamu ya katibu, na asiye na hatia akaitwa mwizi mbele ya majirani zake.

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama 12 wa mtaa mmoja, wanaokutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Kila mmoja hutoa shilingi 20,000 za upatu na shilingi 5,000 za mfuko. Fedha za upatu hazilali. Hukabidhiwa siku hiyo hiyo kwa mwenye zamu, naye huondoka na shilingi 240,000, mchango wake mwenyewe ukiwamo. Fedha za mfuko hubaki kisandukuni, nazo ndizo zinazokopeshwa.

Katika kikao cha tano, kisanduku kilifunguliwa kikiwa na shilingi 186,000. Wanachama 11 walilipa michango yote. Mwanachama wa tisa alikuja mikono mitupu. Mwanachama wa nne alirejesha mkopo wake wa shilingi 50,000 pamoja na riba ya shilingi 5,000. Wawili waliochelewa walitoa faini ya shilingi 1,000 kila mmoja. Mwanachama wa pili alikopeshwa shilingi 100,000, na mwanachama wa tano, mwenye zamu, akapewa shilingi 240,000 zake kwa vigelegele.

Katibu aliandika muhtasari hivi: michango ya mfuko 55,000, marejesho na riba 55,000, faini 4,000, mkopo uliotolewa 100,000. Ukijumlisha na kutoa, kisandukuni palipaswa kubaki shilingi 200,000. Mweka hazina alipohesabu, alikuta 178,000. Akahesabu tena, ikawa ile ile. Macho yote yakamgeukia.

Ndipo mama mmoja mtu mzima alipolitaka daftari. Akamwuliza katibu, “Mwanangu, upatu umekusanya shilingi ngapi leo?” Katibu akajibu, “Mia mbili na arobaini elfu, mama.” Mama akasema, “Watu 11, kila mmoja ishirini elfu, ni mia mbili na ishirini. Hizo ishirini zilizozidi zimetoka wapi?”

Zilitoka katika mfuko. Ili mwenye zamu asipunjwe, mwenyekiti aliagiza pengo la mwanachama wa tisa lizibwe kwa fedha za kisanduku. Wote walikubali kwa mdomo, hakuna aliyeandika. Shilingi 2,000 nyingine zilikuwa faini aliyotozwa mwanachama huyo huyo kwa kutolipa. Katibu aliiandika miongoni mwa fedha zilizopokelewa, hali ilikuwa bado deni. Ishirini na mbili zikawa jumla ya 22,000, na mweka hazina akapumua.

Tazama basi jinsi muhtasari ulivyopaswa kuandikwa: “Mwanachama wa tisa hakulipa. Amekopeshwa na mfuko shilingi 20,000 kukamilisha upatu. Anadaiwa pia mchango wa mfuko 5,000 na faini 2,000. Jumla ya deni ni 27,000. Ameweka sahihi.” Faini nazo ziandikwe katika safu mbili, zilizotozwa na zilizolipwa, ya pili pekee ndiyo inayoingia katika hesabu ya kisanduku. Na mkopo wa mwanachama wa pili usiishie kwenye 100,000. Iandikwe riba, tarehe ya kurejesha na majina ya wadhamini.

Mwisho huja zamu ijayo. Wengi huandika jina la mpokeaji tu, na hapo hukosea. Yafaa ioneshwe nani amekwisha kupokea na nani bado, kwa maana madeni yao hayalingani. Mwanachama wa tisa hajapokea. Kikao kilikubaliana kwamba asipolipa, shilingi 27,000 zitakatwa katika zamu yake, naye akatia sahihi. Lakini kama angekuwa amepokea mwezi wa kwanza, kusingekuwa na zamu ya kukata, na kikundi kingebaki kumtegemea yeye na mdhamini wake. Kwa sababu hiyo hiyo, wawili wakibadilishana zamu, wote watie sahihi siku hiyo, kabla fedha hazijakabidhiwa.

Basi, ndugu msomaji, kikundi chako kitakapokutana, kisanduku kihesabiwe kabla ya watu kutawanyika, na kiasi kilichobaki kisomwe kwa sauti: “Shilingi mia moja sabini na nane elfu.” Kikao kijacho kianze kwa kuhesabu fedha hizo hizo kabla mchango mpya haujaingia. Hesabu zikitofautiana, mtajua kwamba kasoro imetokea kati ya vikao viwili, wala hamtamtazama jirani yenu kwa jicho la shaka kwa kosa la kalamu.