Kijiti si feki, mhariri wangu

Wasomaji wangu, nimerudi jana kutoka Same. Nilitumwa kuandika habari ya "vijiti feki vya uzazi wa mpango" huko Upareni. Siiandiki, na sababu ni hii.

Dada niliyemkuta kijiji kimoja juu ya Hedaru aliwekewa kijiti cha miaka 5. Mwaka wa tatu akaugua kifua kikuu, akaanza vidonge vya miezi 6. Mwezi wa nne wa dawa, mimba ikaingia. Mama mkwe ana maneno yake, kijiji nacho kina yake, na mhudumu aliyemwona alimwambia amekosea kuhesabu siku. Jamani, kijiti kinahesabiwa siku gani?

Aliyeharibu ni rifampisini, dawa ileile ya kifua kikuu inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa.

Ini husafisha dawa kwa hatua mbili. Ya kwanza, vimeng'enya kama CYP3A4 huibadili dawa umbo. Ya pili, vingine huibandika kitu kinachoyeyuka majini, ili itoke kwa mkojo au nyongo. Sasa rifampisini ikiingia kwenye seli ya ini huamsha kipokezi kiitwacho PXR, na seli huanza kutengeneza vimeng'enya vingi zaidi. Baada ya wiki mbili hivi ini linachoma dawa kwa kasi ambayo hakuna aliyeipangia. Kijiti chenyewe ni cha kubania: mwezi wa kwanza huachia takriban mikrogramu 100 za homoni kwa siku, na baada ya miaka 2 takriban 30 tu. Ukiongeza uchomaji hapo, kinga inaanguka. Kijiti kizima, mkono mzima, homoni haipo.

Msiseme hili halijulikani! Dolutegravia, dawa ya VVU, husafishwa zaidi na kimeng'enya cha hatua ya pili, UGT1A1, ambacho nacho rifampisini hukiongeza. Kwa hiyo mwenye VVU na kifua kikuu hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Upande huo hesabu imefanywa. Kwa mwenye kijiti, mbona haikufanywa?

Tena mambo hugeuka. Isoniazidi, mwenzake rifampisini, ikitolewa peke yake kama kinga huzuia baadhi ya vimeng'enya. Mwenye kifafa anayemeza kabamazepini anaweza kuanza kuyumba na kuona vitu viwili viwili, kwa sababu dawa inalundikana. Atadhaniwa amelewa.

Dada yule alitakiwa aulizwe swali moja siku ya kwanza ya dawa: unatumia njia gani? Angepewa kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni ya kuchomwa, au sindano ya miezi 3, ambayo dozi yake ni kubwa na inahimili. Au kondomu, hadi wiki 4 baada ya kidonge cha mwisho, maana ini halitulii siku hiyohiyo.

Mhariri anasubiri habari yake kesho saa 4. Nampelekea hii.